Presha ya mpakani na sigara kumi kwa siku: kisa cha dereva wa lori na namba 8.4

Mgonjwa wa kisa hiki alitibiwa katika kliniki ya familia kwenye jiji moja la Marekani lenye wakazi wengi wanaozungumza Kiswahili. Jina, mji na mambo mengine yasiyogusa uamuzi yameondolewa au kubadilishwa. Humu namwita Bwana M.

## Usuli

Bwana M. ana miaka 54. Alikulia Afrika Mashariki, akahamia Marekani akiwa mtu mzima, na anaendesha lori la masafa marefu. Huvuta sigara kumi hivi kwa siku, nyingi akiwa usukani usiku. Hana kisukari, hajawahi kupata kiharusi wala ugonjwa wa moyo, na hakuwa akitumia dawa yoyote. Kuhusu ukoo, alichojua ni kwamba baba yake alianguka shambani asubuhi moja na kufariki siku hiyo hiyo, akiwa na umri ambao ndugu wanaukadiria kuwa hamsini na kitu. Hakuna aliyempima, na sababu haikujulikana.

Kilichomleta kliniki ni cheti. Madereva wa magari makubwa Marekani hupimwa afya, na presha ikiwa chini ya 140/90 cheti kinaweza kutolewa kwa miaka miwili. Yeye alipimwa mahali kwingine akaambiwa 148/92, akapewa cha mwaka mmoja na kushauriwa amwone daktari wake. Alifika amekasirika. Kwa maelezo yake, haumwi popote, na mtu akishaanza vidonge vya presha haviachi tena hadi kaburini.

Kabla ya kuingia kwenye kisa, msomaji ajue mipaka inayotumika huko. Namba ya juu ikiwa 130 hadi 139, au ya chini 80 hadi 89, hiyo ni presha ya hatua ya kwanza. Namba ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, hiyo ni hatua ya pili, na mtu aliyethibitishwa yuko huko hupewa dawa bila kuulizwa kikokotoo chochote cha hatari ya moyo na kiharusi. Alama ya hatari, yaani asilimia inayotolewa na kikokotoo hicho, inasikika katika ule ukanda mwembamba wa hatua ya kwanza tu, kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo, kisukari wala figo mbovu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa Bwana M. lilikuwa kama kweli yumo kwenye ukanda huo, au ameshauvuka.

## Kuipima presha upya

Nilimwomba anisimulie siku ile ya 148/92. Alikuwa ameendesha usiku kucha, akashuka, akavuta sigara mbili na kunywa kikombe kikubwa cha kahawa, akaingia ndani na kupimwa mara moja huku akijibu maswali ya fomu. Akaongeza jambo ambalo hakulipa uzito: mkanda wa kipimo ulikuwa unambana, ukajaa upepo, ukafyatuka, wakaufunga tena.

Nilichukua futi kamba na kumpima mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 37. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima unafaa hadi sentimita 34 hivi. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine hulazimika kukandamiza zaidi ili kuuziba mshipa, na namba inatoka kubwa kuliko presha yenyewe. Ukijumlisha na moshi na kahawa ndani ya nusu saa, usingizi uliokosekana na mazungumzo wakati wa kupimwa, 148 ile haikufaa kuamulia jambo lolote.

Siku hiyo alikaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea kiti, miguu miwili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda mkubwa. Vipimo viwili vilitoa wastani wa 136/86. Akaondoka na mashine ya kuazima yenye mkanda wa saizi yake. Kwa siku saba alipima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, akiacha dakika moja katikati, kabla ya kahawa na kabla ya sigara. Alipangiwa safari fupi wiki hiyo, kwa hiyo zile namba ni za mtu anayelala kitandani kwake. Wastani wa nyumbani ulikuwa 134/84.

Basi presha ilikuwepo kweli, na ilikuwa ya mpakani. Woga wa kliniki peke yake haukuweza kuieleza, na wala haikufika pale ambapo dawa huandikwa bila mjadala.

## Namba zilizoingia kwenye kikokotoo

Damu ilionyesha kolesteroli yote 228 mg/dL, yaani 5.9 kwa kipimo cha mmol/L kinachotumika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Ile inayoitwa nzuri, HDL, ilikuwa 42, sawa na 1.1. Sukari ilikuwa ya kawaida. Figo zilikuwa zinachuja vizuri, kipimo cha uchujaji kiitwacho eGFR kikiwa 92, na mkojo haukuwa na albumini, aina ya protini, ya kutia shaka. Vipimo vya figo si mapambo hapa: kama mkojo ungeonyesha figo zimeanza kuvujisha protini, kikokotoo kingewekwa pembeni na vidonge vingeanza kwa sababu hiyo peke yake.

Nilitumia PREVENT, kikokotoo kilichotolewa na chama cha moyo cha Marekani, AHA, mwaka 2023. Ndicho ambacho mwongozo wa presha wa AHA na ACC, chama cha madaktari wa moyo cha huko, wa Agosti 2025 umekichagua. Kimejengwa na kujaribiwa kwa kumbukumbu za Wamarekani zaidi ya milioni sita. Unakipa umri, jinsia, kolesteroli yote, HDL, namba ya juu ya presha, sigara, kisukari, eGFR, na kama mtu anatumia dawa za presha au statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli. Kinarudisha uwezekano wa kupata shambulio la moyo, kiharusi au moyo kushindwa kufanya kazi ndani ya miaka 10. Mwongozo ule unasema hivi: presha ya hatua ya kwanza ikikutana na hatari ya asilimia 7.5 au zaidi, dawa ianze pamoja na mabadiliko ya maisha. Ikiwa chini ya hapo, mtu ajaribu mabadiliko ya maisha kwa miezi mitatu hadi sita, na presha ikibaki 130/80 au zaidi, naye aanze dawa.

Kwa Bwana M. jibu lilikuwa asilimia 8.4.

Kama ningeingiza 148 ya siku ile ya cheti badala ya 136, jibu lingekuwa 10.2. Mkanda mdogo na kikombe cha kahawa vingemwongezea karibu pointi mbili, na juu ya hilo vingemhamishia hatua ya pili, ambako hata swali la alama lisingeulizwa.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Mfumo wa kompyuta wa kliniki ulikuwa bado unaonyesha pembeni ya faili namba ya kikokotoo cha zamani cha 2013, Pooled Cohort Equations, nayo ilisema asilimia 13.1. Kile cha zamani kinauliza rangi ya mtu, na faili lake lilikuwa limewekwa African American. Nilipogeuza kisanduku hicho kuwa White bila kugusa kingine, ikapanda hadi 14.7. Mtu ni yule yule, mishipa ni ile ile. Halafu kikokotoo hicho hakihesabu moyo kushindwa kufanya kazi, kinahesabu machache kuliko PREVENT, ilhali kinatoa namba kubwa zaidi. Ndiyo sababu mpaka wake nao ulikuwa tofauti: mwongozo wa 2017 uliokitumia ulidai asilimia 10. Atakayechukua namba ya kikokotoo kimoja na kuipima kwa mpaka wa kingine atafika mahali ambapo mwongozo wowote haukumtuma. Kwa Bwana M. ingetokea kwamba vyote viwili vinamvusha mpaka, lakini si kwa kila mgonjwa itakuwa hivyo.

## Kugeuza kisanduku kimoja kimoja

Hapa ndipo kikokotoo kina faida ambayo watu wengi hawaitumii. Badala ya kusoma jibu na kufunga ukurasa, nilimgeuzia skrini tukaanza kubadilisha kitu kimoja kila mara.

Tukaanza na umri, kwa sababu ndio mzito kuliko vyote. Mtu huyu huyu, sigara zile zile, kolesteroli ile ile, akiwa na miaka 44 angepata asilimia 5. Akiwa na 64 angepata 14. Hilo lina maana mbili. Kijana mvutaji mwenye presha ya mpakani anaweza kupewa namba ndogo inayomdanganya, kwa sababu miaka 10 ni kipande kifupi cha maisha yake. Na mzee anaweza kuvushwa mpaka na kalenda peke yake, hata kama hana lingine baya.

Kisha kolesteroli. Tukaishusha kutoka 228 hadi 180, HDL ikibaki pale pale. Jibu likawa 7.7. Alishangaa, maana alidhani mafuta ndiyo mkosaji mkuu. Nilimtahadharisha kwamba tofauti hiyo ndogo isisomwe kama faida ya kumeza statini. Kikokotoo kinalinganisha watu wenye viwango tofauti vya kolesteroli katika miaka 10. Majaribio ya statini, ambayo ndiyo yanayopima dawa yenyewe, yanaonyesha kwamba kolesteroli mbaya ikishushwa kwa 1 mmol/L matukio ya moyo na kiharusi hupungua kwa karibu moja ya tano. Hayo ni mambo mawili.

Mwisho kisanduku cha sigara. Tulipokitoa alama, 8.4 ikashuka hadi 5.6.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nikiacha sigara, sihitaji vidonge?"

Hilo ndilo swali lililobeba kisa kizima, na jibu lake halikuwa ndiyo. Kwanza, kikokotoo kinamjua mvutaji na asiyevuta, basi. Aliyezima sigara ya mwisho mwezi uliopita kinamhesabu sawa na ambaye hajawahi kuigusa. Namba kwenye skrini inashuka siku hiyo hiyo; mishipa iliyofukizwa kwa miaka thelathini inachukua muda kupona. Pili, hata akishuka chini ya 7.5 kihalali, mwongozo wa sasa haumwachilii. Unampa miezi mitatu hadi sita. Presha ikiwa bado 130/80 baada ya hapo, vidonge vinakuja vile vile. Chini ya mwongozo wa 2017 ilikuwa tofauti: mwenye hatari ndogo alisubiri hadi afike 140/90. Kwa hiyo zamani alama iliamua kama mtu atakunywa dawa. Siku hizi, kwa presha isiyoshuka, inaamua ataanza lini.

## Uamuzi na sababu zake

Kwa maandishi ya mwongozo, Bwana M. alipaswa kuanza kidonge siku hiyo. Nilimweleza hivyo waziwazi, pamoja na maana ya 8.4: wanaume mia moja wenye namba kama zake, karibu wanane watapata shambulio la moyo, kiharusi au moyo kuchoka ndani ya miaka 10, na karibu tisini na wawili hawatapata.

"Kati ya hao mia, mimi ni yupi, daktari?"

"Hakuna ajuaye, mzee wangu. Kama ningejua, nisingehitaji kikokotoo."

Kisha tukaja kwenye faida. Uchambuzi mkubwa wa majaribio uliochapishwa na jarida la *Lancet* mwaka 2021 ulionyesha kwamba kila namba ya juu ikishushwa kwa 5, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa karibu asilimia 10, hata kwa watu ambao presha yao ya kuanzia haikuwa kubwa. Kidonge kikimshusha 10, hiyo ni kama moja ya tano. Moja ya tano ya wanane ni mtu mmoja au wawili kati ya mia, kwa miaka 10 ya kumeza kila siku. Kwa mwingine hiyo ni faida kubwa, kwa mwingine haifai usumbufu. Daktari hana haki ya kumchagulia mtu upande kwa kuificha hesabu.

Yeye aliomba muda. Alitaka kuacha sigara kwanza, na hakutaka kuanza mambo mawili kwa pamoja asije akashindwa yote. Nilikubali, kwa sababu niliweza kuukadiria ucheleweshaji huo. Hatari ya 8.4 kwa miaka 10, ukiigawa kwa mafungu ya miezi mitatu, ni kama 0.2 kwa mia kila fungu. Kidonge kingepunguza moja ya tano ya hiyo. Inabaki watu wanne kati ya elfu kumi. Sigara zenyewe, kama angeacha kweli, zilikuwa na uzito zaidi ya hapo. Mtu mwenye asilimia 18 au presha ya 139/89 nisingemkubalia kirahisi hivyo.

Kilichonivuta upande wa pili ni baba yake. PREVENT haiulizi habari za ukoo. Mwanamume aliyeanguka na kufa akiwa hamsini na kitu bila kupimwa huenda alikufa kwa moyo, huenda kwa kiharusi, huenda kwa kitu kingine kabisa. Ndugu zetu wengi wana baba au mjomba wa namna hiyo, na hakuna kisanduku cha kumweka. Sikuongeza pointi za kubuni kwenye alama, lakini niliandika kwenye faili kwamba hatari yake halisi huenda iko juu ya 8.4, na kwamba kwa sababu hiyo muda wa kungoja usivuke miezi mitatu.

Tulikubaliana yafuatayo, na tukayaandika. Kiraka cha nikotini cha miligramu 14 kwa wiki sita, kisha cha miligramu 7 kwa wiki mbili, na vidonge vya kumung'unya vyenye nikotini kwa zile saa za usiku barabarani. Chumvi ipungue, hasa kwenye vyakula vya vituo vya malori, ambavyo ndivyo vilivyobeba chumvi yake karibu yote. Nyumbani mkewe hupika kwa mkono mwepesi. Kupima presha nyumbani wiki nzima kabla ya kurudi. Na sentensi moja aliyoisoma mwenyewe kwa sauti: wastani wa nyumbani ukiwa 130/80 au zaidi siku ya kurudi, kidonge kinaanza siku hiyo, hata alama iseme nini.

## Matokeo

Alirudi kwa wakati. Alikuwa na wiki saba bila sigara, baada ya kuteleza mara moja safarini. Uzito ulikuwa umepanda kilo tatu, jambo la kawaida kwa anayeacha. Presha ya kliniki ilikuwa 134/84, ya nyumbani 132/83. Haikusogea sana, na hilo halikunishangaza: kuacha sigara kunailinda mishipa kwa njia nyingi, lakini si dawa ya kushusha presha, na zile kilo tatu zilikuwa zinavuta upande wa pili.

Mwenzangu mmoja aliyepitia faili aliingiza namba mpya, akapata 5.4, akaandika pembeni kwamba mgonjwa yuko chini ya mpaka na dawa haihitajiki. Kwa kikokotoo alikuwa sahihi. Kwa mwongozo hakuwa sahihi, kwa sababu kile kipindi cha majaribio kilikuwa kimekwisha na presha ilikuwa bado juu ya 130/80. Tulizungumza, akaifuta.

Bwana M. alianza amlodipini miligramu 5, mara moja kwa siku. Dawa ya kukojoza ingefaa pia kwa presha yake, ila dereva anayepaswa kusimamisha lori kila saa ataiacha ndani ya wiki mbili na hatasema. Nilimtajia uvimbe wa vifundo vya miguu, ambao ndio kero kuu ya amlodipini, ili akiuona asitishike. Hakuupata. Wiki sita baadaye wastani wa nyumbani ulikuwa 124/78.

Statini hakuikubali. Tuliijadili mara mbili, na kwa kolesteroli yake ulikuwa mjadala halali, lakini alisema amekubali kidonge kimoja, si viwili. Suala hilo lilibaki wazi kwenye faili.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote kilitangulia kikokotoo: futi kamba, mkanda mkubwa na siku saba za kupima nyumbani. Bila hivyo mgonjwa huyu angeingizwa hatua ya pili na kuanzishiwa dawa kwa namba ambayo haikuwa yake, na mwongozo wa Marekani hupendelea dawa mbili kwa hatua hiyo. Kwenye presha ya mpakani, kosa la kipimo la pointi kumi linazidi mchango wa kolesteroli yake yote kwenye alama. Anayetaka kujua kama alama aliyoletewa ni ya kuaminika aulize kwanza namba ya juu ilipatikanaje.

Kugeuza visanduku mbele ya mgonjwa nako kulifaa, ingawa kuna hatari yake. Kulimwonyesha kwa macho kwamba umri hauwezi kuguswa na sigara inaweza. Lakini kulimpa pia wazo kwamba akicheza na namba hadi ishuke chini ya 7.5 ameshinda. Wazo hilo hilo ndilo lililomnasa mwenzangu, ambaye ni mtaalamu. Sasa kabla ya kugeuza kisanduku chochote hutanguliza ile kanuni ya miezi mitatu hadi sita.

Udhaifu wa chombo chenyewe ulijitokeza tena alipofikisha 124/78. Aliuliza: kama presha imeshuka na sigara nimeacha, si tuingize upya tuone kama naweza kuacha dawa? Tukaingiza. Ukiweka 124 na kusahau kuweka alama kwamba anatumia dawa ya presha, jibu ni 4.6. Ukiiweka alama hiyo, kama inavyotakiwa, jibu ni 6.1, juu zaidi ya 5.4 aliyokuwa nayo kabla ya kidonge cha kwanza. Kwa haraka haraka inaonekana kama dawa imemwongezea hatari. Sababu ni kwamba katika zile kumbukumbu za mamilioni, watu waliokuwa tayari kwenye dawa za presha walikuwa na historia ndefu ya presha kuliko wasio kwenye dawa, na kikokotoo kinaikumbuka historia hiyo. Alama hii ni ya kuamulia pa kuanzia. Haikutengenezwa kupima kama dawa inafanya kazi, na haiwezi kusema lini iachwe. Kwa hayo kuna mashine ya presha.

Nilimjibu pia lile la kaburini. Kidonge cha presha kinaweza kupunguzwa na hata kuachwa, akipunguza zile kilo na zaidi, na presha ikakaa chini ya 130/80 kwa miezi akiendelea kupimwa. Kinachomrudishia mtu matatizo ni kukiacha kimyakimya.

Jambo ambalo kisa hiki hakiwezi kulitatua ni kama 8.4 ni namba ya haki kwa mtu wa asili yake. PREVENT haiulizi rangi, na hilo ni afadhali kuliko kisanduku kilichobadilisha 13.1 kuwa 14.7. Lakini kumbukumbu zake ni za watu walioishi na kutibiwa Marekani, na kijana aliyekulia Afrika Mashariki na kuanza sigara na vyakula vya barabarani ukubwani hafanani nao moja kwa moja. Kwa namba iliyo pointi moja tu juu ya mpaka, hiyo ni sababu nyingine ya kutoichukulia kama hukumu.

Mdogo wake aliyeko Tanzania, mwenye presha ya 134, alimpigia akitaka kuingizwa kwenye kikokotoo hicho hicho kwa simu. Tulimkatalia. Kwake kuna chati za WHO za mwaka 2019, zilizorekebishwa kwa kila ukanda wa dunia, zikiwemo za Afrika Mashariki. Moja hutumia kolesteroli, na nyingine hutumia uzito na urefu pale ambapo hakuna maabara. Chati hizo huhesabu shambulio la moyo na kiharusi, hazihesabu moyo kushindwa kufanya kazi, kwa hiyo 7.5 ya Marekani haina maana juu yake. Na mwongozo wa WHO wa 2021 huanzisha dawa kwenye 140/90. Kati ya 130 na 139 hutaka pawe na ugonjwa wa moyo, kisukari, figo mbovu au hatari kubwa. Ndugu wawili wenye presha zinazokaribiana wanaweza kutoka kliniki, mmoja na amlodipini na mwingine bila kitu, na kila daktari akawa amefuata mwongozo wake. Aliambiwa aende kituo cha afya cha kwao, apimwe na mkanda unaomtosha, na aombe asomewe chati ya ukanda wake.